Ukipima Mkato wa Picha Juu ya Nyeupe, Hujapima Kitu

Wasomaji wangu, leo nimekuja na ugomvi. Nagombana na mafundi wa picha wanaomkata mtu kutoka kwenye picha yake, wakamweka juu ya ukurasa mweupe wa kompyuta, wakasema "iko safi", wakapokea pesa na kuhesabu kazi imekwisha. Bango likitoka na utepe mweupe kuzunguka kichwa, wa kwanza kulaumiwa ni mwenye mashine ya kuchapisha. Yeye hana kosa. Utepe ulikuwa ndani ya faili tangu mwanzo, ila hakuna aliyeutafuta.

Nitumie mfano ambao mtu yeyote wa Pap Onditi ameuona. Msiba unapotokea hapa Nyakach, familia hutafuta picha nzuri ya marehemu kwenye simu. Mara nyingi ni picha aliyopigwa sebuleni au kwenye harusi, amesimama mbele ya ukuta uliopakwa rangi ya maziwa. Fundi anamkata kutoka kwenye ukuta huo, halafu anamweka kwenye bango la zambarau iliyokolea au nyeusi, lile linalofungwa mbele ya gari siku mwili unapotoka mochari. Faili inatumwa Kisumu kuchapishwa. Kesho yake bango limefika, na mama wa watu ana pete ya mwanga kichwani kama picha ya mtakatifu. Hakuna muda wa kurudia, kwa sababu mazishi ni Jumamosi. Watoto wake watalitazama bango hilo siku nzima, na baadaye litawekwa nyumbani miaka mingi.

Sasa tuone kosa linapotokea. Watu wengi hudhani mkato ni kazi ya makasi: pikseli hii ni mtu, ile ni ukuta. Ukingoni mambo hayako hivyo. Nywele ni nyembamba kuliko pikseli, kwa hiyo pikseli moja ya ukingoni inapokea mwanga wa nywele na mwanga wa ukuta kwa pamoja, na kamera inaandika rangi moja iliyochanganyika. Programu ya kukata inaipa pikseli hiyo alfa, yaani kiasi cha kuonekana, tuseme nusu. Hapo ni sawa. Kosa ni kwamba rangi yenyewe haikuguswa. Pikseli imekuwa nusu uwazi, lakini ile nusu iliyobaki bado ina ukuta ndani yake.

Tupige hesabu kwa kipimo cha 0 mpaka 255, ambapo 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe. Nywele zake ni 30, ukuta ni 240. Pikseli ya nusu kwa nusu inakuwa 135. Ukiikata na kuipa alfa ya nusu, kisha ukaiweka juu ya nyeupe, unapata nusu ya 135 na nusu ya 255, jumla 195. Upande mmoja kuna nywele za 30, upande wa pili karatasi ya 255, na 195 iko katikati yao. Jicho linaona nywele zikififia taratibu kuingia kwenye nyeupe, na linaridhika.

Pikseli hiyo hiyo iweke juu ya zambarau iliyokolea, tuseme 20. Nusu ya 135 na nusu ya 20 ni karibu 78. Nywele ni 30, zambarau ni 20, na katikati yao imekaa 78, angavu kuliko pande zote mbili! Jicho haliwezi kuliita hilo kufifia. Linauona mstari, na linaufuata kuzunguka kichwa chote.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Kama rangi ya pikseli ingekuwa ya nywele tupu, juu ya nyeupe tungepata karibu 143, na juu ya zambarau tungepata 25. Linganisha na tulichopata: 195 badala ya 143, na 78 badala ya 25. Kosa ni karibu 52 katika pande zote mbili. Ni kosa lile lile, kwa kiasi kile kile. Mkato haukuwa mzuri juu ya nyeupe ukaharibika juu ya zambarau. Ulikuwa mbovu kotekote, na nyeupe iliuficha tu. (Hesabu hii nimeirahisisha. Kamera huchanganya mwanga wenyewe, si namba za faili, kwa hiyo pikseli halisi ya nusu kwa nusu ingeandikwa karibu 177, si 135. Utepe halisi ni mbaya kuliko nilivyouchora hapa.)

Na sisi ndio tunaoumia zaidi. Nywele nyeusi mbele ya ukuta mweupe ni tofauti kubwa ya mwanga kuliko karibu jozi nyingine yoyote utakayokutana nayo studioni, kwa hiyo kila pikseli ya ukingoni inabeba ukuta mwingi unaoonekana. Halafu tunapimia wapi? Ukurasa wa programu ni mweupe. Hata ile miraba ya kuonyesha uwazi kwa kawaida ni nyeupe na kijivu cheupe, yaani nyeupe tena iliyovaa kanzu nyingine. Na tunaitazama ikiwa ndogo. Picha yenye upana wa pikseli 1,000 ikichapwa kwa upana wa mita 1, kila pikseli inakuwa milimita 1. Utepe wa pikseli 3 ambao kwenye simu huwezi kuuona unakuwa milimita 3 kwenye bango.

Kanuni ninayoitetea ni fupi: mkato upimwe juu ya rangi iliyo kinyume na mandharinyuma ya zamani. Mtu aliyepigwa mbele ya ukuta mweupe, mpime juu ya nyeusi. Aliyepigwa mbele ya mlango wa kahawia iliyokolea au chini ya mwembe wenye kivuli, huyo ndiye wa kupimwa juu ya nyeupe, kwa sababu utepe wake ni mweusi na bango jeusi litauficha. Kisha uongeze rangi moja kali isiyopatikana kwenye picha, kama waridi kali, ili uone matundu na vipande vya ukuta vilivyosahaulika chini ya kwapa au kati ya hereni na shingo. Kwa ImageMagick ni kazi ya sekunde chache:

```
magick mtu.png -background "#2b0f3a" -flatten giza.png
magick mtu.png -background "#ff00ff" -flatten waridi.png
magick mtu.png -alpha off rangi.png
```

Amri ya tatu ndiyo ninayoipenda. Inaondoa alfa na kukuonyesha rangi zilizofichwa chini yake. Usijali eneo la mbali na mtu, kwa maana programu huacha huko chochote inachotaka. Tazama pale nywele zinapoishia. Ukiona ukuta wa sebule bado umeng'ang'ania nywele, umemkamata mwizi. Fungua picha hizi kwa ukubwa wa 100%, kisha 200%, na upite ukingo wote kutoka bega hadi bega.

Anayetaka namba, akate kipande cha nywele tu na kukihifadhi kama PNG, kisha aendeshe hii:

```python
from PIL import Image
import numpy as np
p = np.asarray(Image.open("nywele.png").convert("RGBA")).astype(float)
m, a = p[..., :3].mean(axis=2), p[..., 3]
print("ukingo", m[(a > 60) & (a < 200)].mean())
print("ndani", m[a == 255].mean())
```

Nywele zikiwa nyeusi, ukingo na ndani zinapaswa kukaribiana. Ukipata ndani 32 na ukingo 130, usichapishe. Ila akili itumike: nyanya mwenye mvi ana ukingo angavu kwa haki yake. Namna ya kutofautisha ni kwamba mvi hukatika, huchanganyika na nyeusi, na huishia kwenye nywele. Utepe wa ukuta una unene ule ule, na unateremka kwenye sikio na bega la koti, mahali ambapo hakuna mvi.

Sasa dawa, na hapa nina ugomvi wa pili. Ushauri unaotolewa kila mahali ni "lainisha ukingo". Kulainisha kunasambaza alfa kuelekea nje, yaani unakaribisha pikseli nyingi zaidi za ukuta ziingie zikiwa nusu uwazi. Mstari mkali unageuka ukungu mpana. Wengine wanapunguza ukingo kwa pikseli 1 au 2. Kwenye koti na mabega inafaa, sikatai. Kwenye nywele unamnyoa marehemu, na kichwa kinatoka kama kimekatwa kwenye kadibodi.

Dawa ya kweli ni kubadilisha rangi na kuiacha alfa. Kwa hesabu, unaondoa sehemu ya ukuta na kugawa kwa alfa: 135 toa nusu ya 240 ni 15, gawa kwa nusu, unapata 30, nywele zetu zimerudi. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye picha halisi, pale alfa ilipo 0.1, kosa dogo la 5 linalotokana na mbano wa JPEG linagawanywa kwa 0.1 na kuwa 50. Ndiyo maana njia inayoaminika ni kuchukua rangi kutoka ndani ya nywele na kuivutia nje mpaka ukingoni. Photoshop ina "Decontaminate Colors" tangu toleo la CS5 la 2010, na ina "Remove White Matte" kwa ukuta mweupe kabisa. Kwenye GIMP, "Color to Alpha" inasaidia, lakini ichague sehemu ya nywele pekee, la sivyo meno na kola ya shati vitageuka uwazi.

Kama huna hayo yote, tumia mkono. Funga alfa ya leya ("Lock alpha channel" kwenye GIMP, "Lock transparent pixels" kwenye Photoshop), chukua rangi ya nywele pikseli chache ndani ya ukingo, na upitishe brashi laini ukingoni. Alfa ikiwa imefungwa huwezi kuharibu umbo, unabadilisha rangi tu. Nywele zinazopata jua upande mmoja zichukulie rangi yake upande huo, usipake kichwa chote rangi moja. Kazi hii huchukua kama dakika 10. Anayesema hana dakika 10 za kumpa marehemu wa watu aache kupokea kazi za mabango.

Rudia jaribio la giza baada ya kupaka, na unapotuma Kisumu kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama picha. Ukituma kama picha inageuzwa JPEG, uwazi unapotea, na fundi wa kule atalazimika kumkata mama huyo upya, bila shaka juu ya ukurasa mweupe.