Ombeni na picha, si karatasi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wenzangu tufanyao kazi ng'ambo. Nilipopigwa siti skani ya tumbo hapa Maskati, karatasi ilisema nina jiwe la milimita 4 kwenye mrija wa mkojo, karibu na kibofu. Nilimwandikia daktari wangu wa Tanga anifasirie. Alijibu kwamba jiwe dogo hivyo mara nyingi hutoka lenyewe. Lakini nikishikwa na homa au mkojo ukizibana, niende hospitali siku hiyo hiyo. Akataka pia picha zenyewe, kwani karatasi ni maoni ya aliyezisoma, na picha ya mwezi ujao lazima ilinganishwe na hizi. Sikuwa nazo! Wenzangu, ziombeni kabla hamjaondoka hospitali.

Dereva,
Maskati, Omani.