Video ya Kawa: hatuandike tena uongo ili watu waje

Mwezi uliopita kikundi chetu cha kusafisha kando ya mto Kawa, hapa Bukavu, kilitoa video ya kuita wavolonteri. Video ilikuwa nzuri kabisa. Muziki, vijana wanacheka, burueti inapita, sauti inasema tuokoe mto wetu kwa mikono yetu. Watu wakaipenda, wakaitumiana mu magrupu yote. Jumamosi yenyewe ikafika: tulikuwa watu tisa, na saba ni wale wale wa kila mwezi. Wa nane alikuja kutafuta tisheti aliyoiona mu video. Wa tisa alikuja na sandali, na kabla ya saa mbili alikuwa amekatwa mguu na chupa.

Kuna wanaosema: mumeona, vijana wa Bukavu ni wavivu. Sisi tunakataa. Yule wa sandali hakuwa mvivu, aliamka mapema na akashuka mpaka mtoni. Ni sisi hatukumwambia avae nini. Kosa liko mu maandishi yetu. Tuliandika video ya kupendwa, hatukuandika video ya kuita mtu.

Tulipoisoma tena karatasi yetu ya kwanza tulipata haya. Haikuwa na saa. Haikuwa na mahali, ilisema tu «kando ya mto», kama vile Kawa ni mita kumi. Ilitumia neno salongo, na wazazi wetu wakisikia salongo wanakumbuka kazi ya lazima ya wakati wa Mobutu, ile ya kuamriwa. Na jambo baya zaidi: mu dakika moja nzima hakukuwa na neno hata moja juu ya Leta. Mwenye kuangalia alibaki na wazo kwamba mto umechafuka kwa sababu mama muuza ndizi ana tabia mbaya, na dawa yake ni tabasamu na beleshi.

Ndugu zetu wengine mu kikundi walitukataza. Walisema video ya kuita watu isichanganywe na madai, watu wataogopa, tuwaite kwanza, siasa itafuata. Tumebishana jioni mbili. Jibu letu ni hili. Mtu akija bila kujua kwamba kazi hii ina mwenyewe, atakuja mara moja, atajaza gunia, na mwezi ujao atakuta uchafu ule ule umerudi palepale. Atasema hawa wanatuchezea. Hatarudi, na ana haki. Lakini akiambiwa tangu mwanzo kwamba kila gunia linahesabiwa, na hesabu inapelekwa ku komini, basi gunia lake la pili lina maana hata kama mto haujawa safi. Dekreti ya kukataza sashe za plastike ilitiwa sahihi tarehe 30 Desemba 2017. Sashe zinauzwa mpaka leo, mchana kweupe. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, ana wajibu wa kuyalinda, na Leta inachunga. Sisi tunafanya sehemu yetu. Kuficha sehemu ya Leta ili video iwe tamu ni kugeuza vijana kuwa wafanyakazi wa bure.

Basi tumeandika upya. Kabla ya kuandika tulichukua telefone, tukasoma kwa sauti na kupima saa. Msomaji wetu, akisema kama anavyoongea na rafiki, anamaliza maneno kama mia kwa dakika moja. Karatasi ya kwanza ilikuwa karibu mara mbili ya hapo, ndiyo maana sauti ilikimbia kama mtangazaji wa mpira. Hii mpya ni ya sekunde 60, na tumeiandika mu Kiswahili cha hapa, si cha shule:

Sekunde 0 mpaka 4. Picha: mkono wenye glavu unavuta sashe mu matope. Hakuna muziki, maji tu. Sauti: «Hii sashe ilitoka mu avenyu yako.»

Sekunde 4 mpaka 20. Picha: maji ya Kawa, kisha ziwa. Sauti: «Mvua ikinyesha, Kawa inaipeleka mu ziwa Kivu. Ziwa inaipeleka ku Ruzizi. Pale Mururu plastike inafunga mashini ya kuran. Magaribi kuran ikikatika, unauliza ni nani.»

Sekunde 20 mpaka 34. Picha: watu wanajaza magunia, sura zimechoka. Sauti: «Siye tunasafishaka kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Inanuka. Hakuna perdieme, hakuna tisheti. Iko glavu, iko maji na sabuni.»

Sekunde 34 mpaka 47. Picha: mtu anaandika hesabu mu kaye. Sauti: «Kazi hii ni ya Leta. Kila mwezi tunahesabu magunia, tunapeleka barua ku komini. Tunataka gari ya kubeba takataka.»

Sekunde 47 mpaka 60. Picha: daraja tunapokutania, na maandishi makubwa. Sauti: «Uko na miaka 18? Kuya pa daraja, saa moja ya asubuyi. Vaa viatu vya kufunga. Saa ine tumemaliza.»

Ni hayo tu. Ombi ni moja: kuya. Hatuombi watu watufuate, watume franga, wajaze karatasi na waje, yote mu sekunde kumi na tatu. Ukiomba vitu vinne mtu hafanyi hata kimoja. Na maneno yote yataandikwa chini ya picha, kwa sababu wengi wanafungua video mu taksi au mu kelele ya soko, bila sauti. Itakuwa nyepesi pia. Megabaiti zinanunuliwa, na video nzito inabaki bila kufunguliwa.

Mstari wa Mururu ndio uliotupa shida zaidi. Mmoja wetu alitaka tuende kupiga picha ya plastike palepale ku barrage. Tumekataa. Ruzizi ni mpaka na Rwanda, na kijana anayeinua telefone karibu na mpaka au ku barrage anaweza kupoteza telefone na usiku wake. Sauti inatosha kueleza, na kila mtu hapa anajua giza linafananaje. Tumekataa pia picha ya mama wanaofua na watoto wanaooga. Ile ya kwanza ilikuwa nao, hakuna aliyewauliza, na mmoja alikuja kutulalamikia. Ana haki, na tumemwomba radhi.

Halafu kuna depite mmoja aliyetuma mtu: atatoa tisheti mia, sisi tuweke jina lake mwisho wa video. Hapana. Video inasema hakuna tisheti.

Kuna sentensi moja bado hatujaiweza, na hatutaiweka mpaka iwe kweli. Tulitaka kusema «takataka hazirudi mtoni». Kwa sasa zinarudi. Magunia tunayaacha juu ya barabara, gari haiji, mvua ya kwanza ya Septemba inayapasua na Kawa inachukua tena. Barua ya gari imeshafika ku komini, tuko na nakala yenye muhuri. Siku gari itakuja, sekunde 34 mpaka 47 zitaandikwa upya. Isipokuja, tutapiga picha ya magunia yale yale, mahali pale pale, na tarehe juu yake.