Amoksilini Haivunji Kinga ya Vidonge vya Majira

Makala ya juzi ilidai kwamba antibiotiki yoyote huharibu vidonge vya majira. Mwandishi ameshika nusu ya ukweli. Ni kweli ini huifunga ethinilestradioli kwa asidi ya glukuroniki au salfati na kuimwaga utumboni pamoja na nyongo. Bakteria hukifungua kifungo hicho, homoni ikafyonzwa upya na kurudi kwenye ini, na hivyo kukaa mwilini muda mrefu zaidi. Bakteria wakifa, sehemu hiyo huishia chooni.

Lakini sehemu hiyo ni ndogo, na projestini, ambayo ndiyo hasa huzuia yai kutoka, hairudi kwa njia hiyo ikiwa hai. Ndiyo maana wanawake waliopimwa damu wakitumia ampisilini au doksisaiklini hawakupungukiwa na homoni kwa kiasi cha kutia shaka.

Rifampisini ya kifua kikuu ndiyo ya kuogopwa, na haihusiani na bakteria hao: huchochea vimeng'enya vya ini kuzivunja homoni zote mbili. Anayeimeza atumie njia nyingine, na aendelee nayo wiki 4 baada ya dozi ya mwisho.