"Polisi Waliniteka": Neno Moja, Kesi Mbili



Tuseme kijana wa Mji wa Kale, Mombasa, amehamia Eastleigh kwa kazi. Usiku anasimamishwa na askari, anapekuliwa, anaambiwa "enda kwenu", kisha anaachwa. Asubuhi anaenda kuripoti: "Waliniulizia kitambulisho, kisha waliniteka."

Kwa Kimvita, *kuteka* ni kucheka, kama vile *mato* ni macho na *mtele* ni mchele. Alimaanisha walimcheka. Lakini Nairobi, *kutekwa* ni kuchukuliwa kwa nguvu na watu usiowajua. Afisa akiandika alivyosikia, dharau imegeuka utekaji nyara. Baadaye kijana akisema hakubebwa popote, ataitwa muongo, na malalamiko yake ya kweli yatatupwa pamoja na lile neno.

Kwa hivyo naona wale wanaosema "Sheng ni uhuni, mimi sibadilishi Kiswahili changu" wanakosea. Usiache Kimvita chako, si kibovu. Lakini jua jirani anasikia nini. Njia rahisi ni kuuliza rafiki wa mtaa: "Nikisema hivi, wewe unaelewa nini?"

Hata adabu ina lugha yake. Dukani Nairobi, "nisaidie na maziwa" ni kuagiza kwa heshima, na pesa unalipa. Pwani mtu anaweza kudhani unaomba bure. *Karao* ni neno la maskani. Mbele yake mwenyewe, mwite *afande*. Na mama mtu mzima usiyemjua, mwite *mama*. *Mathe* ngoja mzoeane. Sheng ukiisikia haimaanishi uitumie kwa kila mtu.

Kwenye kuripoti, acha Sheng na lahaja zote mbili. Eleza kitendo: nani alishika nini, alisema nini, mlikuwa wapi, saa ngapi. "Walinicheka wakanitukana" haina utata. Omba usomewe kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi, kisha chukua nambari ya OB.

Nasi tunaopokea malalamiko tubadilike. Mtu akisema "waliniteka", tusikimbilie kupost. Tuulize: "Walikufanyia nini hasa? Walikupeleka wapi?" Maswali hayo mawili yanatosha kujua ni kicheko ama ni utekaji.

Na ukikamatwa, Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inasema lazima uambiwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa. Kesi ikifika mahakamani na huielewi lugha inayotumika, Kifungu cha 50 kinakupa mkalimani bila malipo. Kama neno limekupita, usiitikie "sawa, afande" kwa adabu tu. Sema: "Afande, hilo sijalielewa, nieleze tena." Hiyo si jeuri, ni haki yako.

Wewe ni lahaja gani, na neno gani lako hueleweka vibaya Nairobi? Tuandikie hapa chini, wenzako walijue kabla hawajafika kituoni.