Jamani, tuache uthibitisho wa uongo: Cayley-Hamilton

Wiki hii nimekutana tena na ile "njia ya mkato", na nimechoka kunyamaza.

Nadharia yenyewe ni hii: chukua matriksi A, tafuta polinomia yake bainifu, p(x) = det(xI - A). Sasa weka A mahali pa x. Unapata matriksi ya sufuri.

Watu wa mkato wanasema: "Rahisi! Weka A, unapata det(A - A) = det(0) = 0. Kwisha." Hapana, bwana. Determinanti ni namba moja, lakini p(A) ni matriksi. Ukiandika hivyo kwenye programu, umechanganya aina mbili za data.

Hebu tupime. Safu ya kwanza ya A ni 1, 2; ya pili ni 3, 4. Jumla ya ulalo ni 5, determinanti ni 1×4 - 2×3 = -2. Kwa hiyo p(x) = x² - 5x - 2.

A² ina safu 7, 10 na 15, 22. 5A ina 5, 10 na 15, 20. Ukitoa, zinabaki 2, 0 na 0, 2, yaani 2I. Toa 2I: sufuri tupu. Angalia vizuri, ile 2 ya mwisho imegeuka 2I. Hapo ndipo wengi huteleza hata kwenye kompyuta:

```
import numpy as np
A = np.array([[1,2],[3,4]])
print(A@A - 5*A - 2*np.eye(2))  # sufuri
print(A*A - 5*A - 2)            # -6 -8 / -8 -6
```

Mstari wa mwisho unazidisha kila namba kwa yenyewe, kisha unatoa 2 kila mahali. Haukatai kufanya kazi, unakudanganya tu.

Sasa niwabane watu wa mkato. Badala ya determinanti, tumia jumla ya ulalo wa xI - A, yaani 2x - 5. Kwa hoja yenu, kuweka A kungeleta sufuri, maana ulalo wa A - A ni sufuri. Lakini 2A - 5I ina -3, 4 na 6, 3. Hoja inayothibitisha uongo haiwezi kuthibitisha ukweli.

Na mfano mmoja pia si uthibitisho. Cayley mwenyewe, mwaka 1858, alikagua matriksi ndogo akaona hakuna haja ya kuhangaika na zingine. Frobenius ndiye aliyethibitisha kwa zote, 1878. Kwa mbili kwa mbili, tumia herufi a, b, c, d. Kona ya kwanza: a² + bc - (a+d)a + (ad - bc) = 0. Pembeni: b(a+d) - (a+d)b = 0. Kona zilizobaki ni vivyo hivyo. Mistari miwili tu, tena ya kweli! Mkato wa nini basi?