Mshumaa Haujafungwa, Usinitumie Arifa

Wasee, leo naanza na makosa yangu mwenyewe kabla niseme ya wengine.

Mwaka jana niliandika skripti ndogo ya Python inayoangalia bei ya bitkoini na kutuma ujumbe Telegramu wastani mfupi ukikata wastani mrefu. Ukikatwa kwenda juu, inatuma "NUNUA". Ukikatwa kwenda chini, inatuma "UZA". Nikamuunganisha binamu yangu, tunaishi naye keja moja. Usiku mmoja nikalala na yeye akabaki macho na simu. Ililia mara 14. Alinunua mara saba na kuuza mara saba, akitumia shilingi 20,000 ambazo zilikuwa kodi ya nyumba.

Asubuhi alibaki na 18,880. Ada peke yake, 0.1% kila akinunua na kila akiuza, ilimla karibu 280. Zilizobaki zilienda kwa kununua juu kidogo na kuuza chini kidogo, tena na tena. Lakini si hiyo iliyoniuma. Tulifungua chati pamoja tukatafuta yale makutano 14, na hakukuwa na hata moja. Mistari miwili ilikuwa imekaa usiku mzima, mfupi chini na mrefu juu, bila kugusana.

"Buda," akaniuliza, "hiyo nunua ya saa nane iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na ndiyo maana nina maoni makali kuhusu jambo hili: arifa ya wastani kukatana itoke tu mshumaa ukishafungwa, na itoke mara moja. Anayekuuzia kitu tofauti anakuuzia kelele, hata kama hajui.

Ngoja nionyeshe kwa hesabu unayoweza kufanya kwa simu. Tutumie wastani wa mishumaa mitatu na wa mishumaa mitano ili namba zisitulemee. Kila mshumaa ni saa moja. Mitano ya mwisho iliyofungwa iliishia 105, 103, 101, 101 na 102. Wastani wa mitatu ya mwisho ni 101.33. Wastani wa yote mitano ni 102.4. Mfupi uko chini ya mrefu, kwa hivyo hakuna ishara ya kununua.

Sasa inaingia saa nne asubuhi na mshumaa mpya unaanza. Haujafungwa, bei inacheza. Skripti yangu ya zamani ilichukua bei ya dakika hiyo na kuihesabu kama mwisho wa mshumaa. Saa nne na dakika ishirini bei iko 104. Wastani wa mitatu (101, 102, 104) unakuwa 102.33, na wa mitano (103, 101, 101, 102, 104) unakuwa 102.2. Umekata! NUNUA. Dakika kumi na tano baadaye bei imerudi 102: mfupi 101.67, mrefu 101.8. UZA. Saa tano kasoro kumi bei imerudi 104, NUNUA tena. Saa tano kamili mshumaa unafungwa ukiwa 102, inatoka UZA ya mwisho, na kwenye chati inabaki kana kwamba hakuna kitu kilitokea.

Angalia kilichofanyika hapo. Ndani ya saa hiyo, namba zote zimekufa isipokuwa moja, bei ya sasa. Ukipiga hesabu utaona mistari inakutana bei ikiwa 103 kamili, kwa sababu hapo wastani zote mbili zinakuwa 102. Kwa hivyo saa nzima, ile hesabu tunayojivunia ilikuwa imegeuka swali dogo sana: je, bei iko juu au chini ya 103? Bei ikizunguka 103, arifa inalia kila ikivuka. Binamu yangu hakuwa anafuata wastani wowote. Alikuwa anafuata mtetemeko wa bei kwenye namba moja, analipa ada kila ukitetemeka.

Hii ndiyo sababu skrinshoti za wauza ishara hunitia shaka. Chati ya jana ina mishumaa iliyofungwa pekee. Makutano yaliyotokea katikati ya saa na kufutika hayaachi alama. Msee anakuonyesha makutano safi manne ya mwezi mzima, wewe unalipia, halafu simu yako inalia mara arobaini. Hajadanganya kuhusu chati. Kitu anachotuma si kile alichokuonyesha, basi.

Tuje kwa kurekebisha. Nilikuwa nachukua data Binance kwa sababu bei wanazitoa bila hata kuhitaji akaunti. Ukiomba mishumaa, ule wa mwisho kwenye orodha kwa kawaida ndio unaoendelea, haujafungwa. Wameweka muda wa kufungwa kwa kila mshumaa, mimi ndiye sikuusoma. Uko nafasi ya 6 ukihesabu kutoka sifuri, na bei ya kufunga iko nafasi ya 4:

```python
import time, requests

r = requests.get("https://api.binance.com/api/v3/klines",
    params={"symbol": "BTCUSDT", "interval": "1h", "limit": 100},
    timeout=10)
r.raise_for_status()
sasa = time.time() * 1000
mishumaa = [m for m in r.json() if m[6] < sasa]
bei = [float(m[4]) for m in mishumaa]
```

Mstari wa `m[6] < sasa` ndio ungeokoa kodi yetu. Unabakisha tu mishumaa ambayo muda wake umeisha. Muda uko kwa milisekunde, ndiyo maana nimezidisha kwa 1000. Pia saa ya kompyuta yako iwe sawa. Ikiwa mbele dakika mbili, kuna dakika mbili kila saa ambapo mshumaa mbichi utapita kama umeiva.

Kwa nini 100? Natumia wastani wa 20 na wa 50. Ili kujua kama *umekata*, nahitaji kulinganisha mshumaa wa mwisho na uliotangulia, kwa hivyo ule wa 50 unahitaji mishumaa 51 iliyofungwa. Ukiomba 50 tu, ukatoa mmoja ambao haujafungwa, unabaki na 49. Zana nyingi hazitapiga kelele hapo. Zitakupa nafasi tupu, ulinganisho utatoka "hapana", na utakaa wiki ukidhani soko limetulia.

Hesabu yenyewe ni fupi, na nakuambia haihitaji digrii. Mimi mwenyewe sikumaliza yangu.

```python
def wastani(k, mwisho):
    return sum(bei[mwisho - k:mwisho]) / k

n = len(bei)
tofauti = wastani(20, n) - wastani(50, n)
kabla = wastani(20, n - 1) - wastani(50, n - 1)
imekata_juu = kabla <= 0 and tofauti > 0
```

Mstari wa mwisho ndio watu wengi hukosea. Wanauliza "mfupi uko juu ya mrefu?" na kutuma. Lakini mfupi unaweza kukaa juu siku tatu. Hiyo ni hali, si tukio. Kukata ni kubadilika: mshumaa uliopita ulikuwa chini au sawa, huu uko juu. Unahitaji pande zote mbili za swali.

Hata hapo bado kuna shimo moja, nililitumbukia vilevile. Skripti yangu hukimbia kila dakika. Mshumaa ukifungwa saa tano na umekata, jibu la `imekata_juu` litabaki kweli mpaka saa sita, kwa sababu mishumaa miwili ya mwisho haijabadilika. Hiyo ni karibu meseji 60 za ishara moja. Dawa ni kuandika kwenye faili muda wa mshumaa ulioutolea arifa mwisho. Ukiwa uleule, nyamaza. Iandike kwenye faili, usiiache kwenye kumbukumbu ya programu, maana stima ikipotea na kurudi, skripti inaamka bila kukumbuka chochote na kutuma tena.

Na stima ikipotea saa tatu nzima, mistari ikakatana katikati? Hapo watu hutofautiana. Unaweza kupitia mishumaa yote tangu ule wa mwisho kwenye faili na kutuma ulichokosa. Mimi naipitia lakini ya zamani siitumi, naiandika tu kwenye kumbukumbu. Ishara ya saa tatu zilizopita ikilia leo kama mpya, mtu atanunua bei ambayo haipo tena.

Sasa kuna lile swali ambalo kila treda huniuliza akiskia haya: "Ukingoja mshumaa ufungwe si utachelewa?" Ndiyo, unaweza kuchelewa hadi karibu saa nzima. Lakini fikiria unachosubiri. Wastani wa kawaida wa mishumaa 20 uko nyuma ya bei kwa karibu mishumaa tisa na nusu. Ule wa 50 uko nyuma kwa karibu ishirini na nne na nusu. Kwenye mishumaa ya saa moja, unatumia chombo kilicho nyuma kwa masaa tisa, halafu unagombana na mimi juu ya dakika arobaini. Kama unataka haraka kweli, tumia mishumaa ya dakika 15 na usubiri ifungwe. Utapata ishara mapema na utapata nyingi za uongo, lakini angalau ni uongo unaoweza kuupima kwenye data ya zamani. Ule wa mshumaa mbichi huwezi kuupima kwa mishumaa ya saa, maana ukishafungwa umefuta kila kitu.

Na sisemi kufunga mshumaa kunafanya kukatana kuwe na maana. Soko likitembea kando bila kwenda popote, wastani hukatana na kukatana hata kwenye mishumaa iliyofungwa, na kila mara unanunua juu na kuuza chini. Nilichorekebisha ni arifa kusema kweli kuhusu chati. Kama chati yenyewe inafaa kufuatwa ni swali lingine, na mtu asikuuzie jibu la la kwanza kama ndilo la pili.

Binamu yangu alikopa ile 1,120 tukalipa kodi, na nimemrudishia polepole. Arifa zangu siku hizi hutoka dakika moja baada ya saa kamili, au hazitoki. Wiki iliyopita zilitoka mbili. Ya kwanza ilikufa baada ya mishumaa minne, ya pili bado inasimama. Yeye bado hajawasha sauti.