Mgongo Upimwe, Dawa Isisubiri

Mwaka 2021, homa ya uti wa mgongo iliua watu Banalia, mkoani Tshopo, kabla haijajulikana ni ugonjwa gani. Mlipuko ulipotangazwa Septemba, wagonjwa 261 walikuwa wameshukiwa na 129 kati yao wamekufa. Sampuli zilizopimwa na Taasisi ya Pasteur ya Paris ndizo zilizomtaja mhusika: meningokoko. Beni na Butembo haziko katikati ya ukanda wa ugonjwa huu, lakini barabara ya taifa namba 4 inayopita Banalia ndiyo inayofika Beni.

Hatari yetu ya kwanza ni malaria kuuficha ugonjwa huu. Mtoto ana homa, anatapika, kipimo kinaonyesha malaria, anapewa vidonge na kurudi nyumbani. Lakini malaria kwenye damu haizuii bakteria kuwa kichwani. Shingo ikikakamaa, mwanga ukimuumiza macho, akipata degedege au akianza kuchanganyikiwa, kipimo kile hakitoshi. Kwa mtoto mchanga shingo inaweza kubaki laini. Mama atazame utosi uliovimba na kukataa titi.

Hapo ndipo sindano ya mgongo inapohitajika. Wengi wanaiogopa wakidhani inapoozesha. Sindano huingia kiunoni, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia. Hutoa maji ya uti wa mgongo. Ya mtu mwenye afya ni maangavu kama ya chemchemi. Ya mgonjwa huyu mara nyingi huwa na ukungu wa usaha. Maabara hukuta chembe nyeupe nyingi, protini imepanda na sukari imeshuka. Darubini ikionyesha bakteria wawiliwawili waliopata rangi nyekundu, meningokoko anashukiwa sana.

Hata hivyo, dawa isingoje majibu. Kama hospitali iko mbali au sindano ya mgongo haiwezekani upesi, muuguzi aanze seftriaksoni. Wakati wa mlipuko, dozi ya mtoto ni miligramu 100 kwa kila kilo kwa siku: mwenye kilo 12 hupata miligramu 1,200, kwa siku tano. Maji yakitolewa baadaye, bakteria huenda wasiote tena maabara, lakini chembe nyeupe na vinasaba vya bakteria bado husomeka.

Maji hayo yanawahusu majirani pia. Meningokoko wa Banalia alikuwa wa kundi W, na chanjo ya kundi A pekee isingewakinga watu wa huko. Ilibidi itafutwe inayokinga A, C, W na Y. Leo ipo pia ya makundi matano, iliyoanza kutumika Nijeria mwaka 2024. Bila sampuli, hatujui tuagize ipi.

Kwa hiyo tunaidai kila zoni ya afya ya Beni na Butembo: hospitali ya rufaa iwe na sindano za mgongo na chupa safi za sampuli, na kila kituo cha afya kiwe na seftriaksoni ya kumchoma mgonjwa kabla hajapakiwa kwenye pikipiki.